Bureti: ujazo unashuka kila nikirudia titresheni

"Wakuu, natitresha sm³ 25 za haidroksaidi ya sodiamu, asidi haidrokloriki iko kwenye bureti, kiashiria methaili orenji. Mara ya kwanza nimepata 25.90, ya pili 25.25, ya tatu 25.10. Kila raundi najaza asidi upya hadi sifuri. Wenzangu wenye chupa ileile ya asidi wanapata 25.00. Bureti niliiosha vizuri kwa maji yaliyokenekwa. Nakosea wapi?"

Mkuu, jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho kabla ya swali. Uliiosha kwa maji, ukaishia hapo.

Bureti iliyooshwa hata ikiachwa wima ikachuruzika huwa haikauki. Maji yanang'ang'ania kwenye kioo, mengine yanabaki ndani ya koki na kwenye ncha. Tuseme yalibaki sm³ 1. Ulipojaza asidi hadi sifuri, hiyo sm³ 1 imo ndani ya zile 50, kwa hiyo asidi yako imepungua ukolezi kwa karibu asilimia 2. Asidi iliyochujuka inatakiwa nyingi zaidi ili imalize besi ileile, na badala ya 25.00 unatumia kama 25.50.

Sasa angalia raundi ya pili. Nusu ya asidi iliyochujuka umeshaimwaga kwenye flaski, nusu imebaki, juu yake umeongeza asidi safi. Upungufu umeshuka kutoka asilimia 2 hadi karibu 1: 25.00 inakuwa 25.25. Raundi ya tatu unapungua tena nusu, unafika 25.10 hivi. Ni namba zako hizohizo. Majibu yanayoshuka kwa hatua zinazopungua namna hii ndiyo alama ya maji kwenye bureti, na ungeendelea raundi mbili tatu zaidi ungewafikia wenzako bila kujua kilichotokea.

Dawa yake ni kuisuuza bureti kwa asidi yenyewe utakayoitumia. Mimina kama sm³ 10, ilaze bureti karibu iwe sambamba na meza, izungushe polepole ili asidi ipite ukuta wote, kisha imwage kwa kufungua koki, ipitie nchani. Wengi hugeuza bureti na kumwagia mdomoni, halafu maji yaliyo chini ya koki yanabaki palepale. Rudia. Kama yalikuwepo maji sm³ 1, baada ya kusuuza mara moja kinachobaki kina takriban sm³ 0.09 ya maji, na baada ya mara ya pili chini ya 0.01. Ya tatu ni ya usalama tu. Flaski ni kinyume chake: isuuze kwa maji peke yake, kwa sababu humo unachohitaji ni kiasi cha besi ulichokipima kwa pipeti. Ukiisuuza kwa besi unaongeza besi ambayo hukuipima.

Lakini maji hayamalizi hesabu ya raundi ya kwanza. Yanakufikisha 25.50, wewe umepata 25.90. Hiyo 0.40 ningeiweka kwenye kiputo cha hewa chini ya koki. Ulipojaza asidi na kusoma sifuri, sehemu ya ncha ilikuwa na hewa. Ulipoanza kutitresha, asidi ikaisukuma ile hewa nje na kukaa mahali pake. Imeshuka kwenye mistari ya bureti lakini haikuingia kwenye flaski, nawe umeihesabu. Raundi ya pili hewa haipo tena, ndiyo maana kutoka ya kwanza kwenda ya pili umeporomoka kwa 0.65 na baada ya hapo kwa 0.15 tu.

Kukitoa si kazi. Weka bika chini, fungua koki yote kwa ghafla, acha asidi itoke kwa kasi sekunde moja au mbili, funga. Ukifungua kidogo kidogo asidi inapita pembeni ya kiputo nacho kinabaki kimetulia. Kikikataa, inamisha bureti na uigonge ncha taratibu kwa kidole huku asidi ikitoka. Kisha kagua ncha ukiielekeza kwenye mwanga, hasa pale inapoungana na koki, kwa sababu hapo ndipo kinapojificha. Hayo yote yafanyike kabla ya kuandika usomaji wa kwanza. Faneli nayo iondoe kabla ya kusoma, maana tone lake likidondoka katikati ya kazi litapandisha asidi na ujazo wako utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Hukuuliza kuhusu kusoma, lakini nakuongezea kwa sababu kosa hili halijitangazi kama hayo mawili. Mimi lilinitesa muhula mzima. Majibu yangu yalikuwa yanakubaliana vizuri, 24.80, 24.80, 24.85, ila meza nzima walikuwa na 25.00. Nikasuuza, nikatoa hewa, wapi. Aliyegundua ni fundi wa maabara, aliyesimama pembeni akinitazama mimi badala ya bureti. Mimi ni mfupi. Sifuri ilikuwa juu ya kichwa changu nikawa naisoma kwa kuinua macho, na usomaji wa mwisho nilikuwa nauinamia.

Uso wa asidi ndani ya bureti umebonyea katikati, ndiyo meniskasi, na unasoma chini kabisa ya huo mbonyeo. Mbonyeo uko katikati ya mrija, lakini mistari iko kwenye kioo mbele yako. Jicho likiwa chini, mstari unaoonekana kulingana na meniskasi ni wa chini yake, yaani namba kubwa zaidi, kwa kuwa bureti inahesabu kuelekea chini. Jicho likiwa juu unasoma namba ndogo. Nilikuwa nazidisha mwanzo na kupunguza mwisho, na kutoa moja kwa nyingine makosa yote mawili yakaupunguza ujazo. Jicho kupishana na uso kwa sentimita 10 ukiwa umesimama sentimita 30 kutoka kwenye bureti kunatosha kukupoteza kati ya 0.1 na 0.2.

Kama mistari ya bureti yako inazunguka mrija mzima, mtihani ni rahisi: panda au shuka mpaka mstari wa mbele ufunike ule wa nyuma. Hapo jicho liko sawa. Mimi nilikuwa nalegeza kibano na kuishusha bureti yote hadi usoni kwangu, wakanicheka, nikapata 25.00. Pia shika nyuma ya bureti kadi nyeupe iliyopakwa weusi nusu ya chini, ukingo wa weusi ukiwa milimita moja au mbili chini ya meniskasi. Mbonyeo utaonekana mweusi na mkali. Kwa pamanganeti ya potasiamu hutauona kabisa, rangi yake ni nzito mno. Huko soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho vilevile.

Rangi ikishageuka, subiri kama nusu dakika kabla ya kusoma ili asidi iliyoshika ukutani iteremke.

Mwaga kilichomo, suuza kwa asidi mara tatu, fukuza hewa, fanya raundi mbili uweke namba hapa. Zikitoka zinakubaliana lakini ziko chini ya 25.00, tuambie bureti yako imefungwa urefu gani na wewe una urefu gani.