Unamkaribisha tu, hotuba ni yake

Juzi nilikuwa tena kwenye hafla ya kuaga, nikamsikiliza kijana wetu akimtambulisha mkuu wa idara anayestaafu kwa dakika kumi na nne, kabla mzee hajatoa hotuba yake. Alianzia shule ya msingi. Alipofika kwenye vyeti vya mafunzo ya wiki mbili, mzee mwenyewe alikuwa anachezea kifuniko cha chupa ya maji. Wadogo zangu, nimechoka kunyamaza.

1. Dakika tatu zinatosha, yaani maneno kama 300. Yasome kwa sauti nyumbani, saa mkononi.

2. Kisa kimoja, na umuulize kwanza. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa tatu kazini nilipewa kumtambulisha mkuu wetu, nami nilikuwa na kisa kitamu: usiku wa kuamkia ukaguzi, faili la hesabu halionekani, idara nzima tunapekua makabati, kumbe amelikalia mwenyewe. Nikakisimulia chote, hata sauti yake nikaiigiza. Watu wakavunjika mbavu. Nikarudi kuketi nikijiona bingwa.

Akasimama. Akafungua karatasi zake, akatazama ya kwanza, akaenda ya pili, akarudi ya kwanza. Kisha akazikunja, akatia mfukoni. "Mwenzangu amenimalizia," akasema, akashukuru, akaketi.

Wiki iliyofuata alikuja kuchukua vitu vyake, ndipo akaniambia. Hotuba yake yote ilisimama juu ya faili lile. Usiku ule alimfokea karani mbele yetu kwamba ndiye aliyelipoteza, na alipanga kumwomba radhi mbele ya watu walewale. Dada yule alikuwa meza ya nyuma siku ya hafla. Alicheka pamoja na wengine, na radhi yake hakuipata, kwa sababu yangu.

Basi mpigie mstaafu siku mbili kabla: "Mzee, kisa gani utakieleza mwenyewe?" Hicho usikiguse. Papo hapo hakikisha cheo chake na mwaka alioanza kazi, maana faili la utumishi nalo hukosea.

3. Msimzike. "Alikuwa mtu wa watu, alipenda kazi", na mwenyewe yuko meza kuu anatafuna! Aliyoyafanya ofisini yaseme kwa wakati uliopita, hayo yamepita kweli. Tabia yake bado anayo: *hapendi* kikao kisicho na ajenda, *anakumbuka* majina ya watoto wetu.

4. Jina lake liwe neno lako la mwisho. Likishatoka, piga makofi, mngoje afike kwenye kipaza sauti, mpe mkono, ondoka. Kijana wa juzi alilitaja vizuri, ukumbi ukasimama, mzee akaanza kuja. Ghafla kijana akakumbuka kushukuru kamati ya maandalizi, mjumbe mmoja mmoja. Makofi yakafa. Mzee akabaki katikati ya ukumbi, ameshika kiti cha mtu, anangoja amalize.