Mishale mitatu tu: kuchora kani za kipande kilichotulia kwenye mteremko

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Kachora kipande cha mbao kimetulia kwenye mteremko wenye uso wa kukwaruza, kakizungushia mishale mitano, na mwalimu kaukata mchoro wote kwa kalamu nyekundu. "Nimekosea wapi?" aliniuliza.

Niliuangalia mchoro ule moyo ukaniuma, kwa sababu ni wangu. Nilichora huohuo, mshale kwa mshale, kwenye jaribio la darasani nikiwa sekondari. Usiku kucha nilikuwa nimekariri kanuni, na nilijiona nimeiva. Mwalimu alinyanyua karatasi yangu mbele ya darasa zima, akanyooshea kidole mshale ulioelekea chini ya mteremko, akauliza: "Huu nani anausukuma?" Sikuwa na jibu. Wenzangu walicheka, na mpaka leo kicheko kile nakisikia. Lakini swali lilikuwa sahihi, na ndilo lililonifundisha kuchora.

Kipande kiwe na kilo 2 na mteremko nyuzi 30. Nani anakigusa au kukivuta? Dunia inakivuta: huo ni uzito, 2 × 9.8 = 19.6 N, mshale unaoshuka wima kabisa, hata kama mteremko umelala vipi. Kisha kuna uso wa mteremko, ambao unafanya kazi mbili. Unakisukuma kipande kwa pembe mraba na uso wenyewe (huo ni mjibizo, N), na unakishika kisiteleze, kwa msuguano unaolala sambamba na uso kuelekea juu. Hakuna mwingine. Mishale ni mitatu.

Ile miwili ya ziada, mg sin 30° na mg cos 30°, ni uzito uleule uliogawanywa. Ukiichora pamoja na uzito, umeuhesabu mara mbili. Vijenzi nenda kavichore pembeni, kwenye mchoro wa pili, au kwa mistari ya nukta nukta. Ndugu zangu, hapa wengi tunaangamia, maana vitabuni tunaiona mistari hiyo ndani ya mchoro tukadhani nayo ni kani.

Kosa la pili la msomaji wangu lilijificha zaidi, na nililifanya mimi pia. Swali lake lilisema µ ya msuguano tuli ni 0.7, naye akaandika msuguano = µN. Tupige hesabu. Kipande hakiachani na mteremko wala hakizami ndani yake, kwa hiyo N = 19.6 × cos 30°, karibu 17 N. Basi µN ni 11.9 N. Lakini uzito unakivuta kipande chini ya mteremko kwa 19.6 × sin 30° = 9.8 N tu. Ukiweka msuguano wa 11.9 N, zimebaki 2.1 N kuelekea juu, yaani kipande kianze kupanda mlima chenyewe! Ukiona hivyo, ujue umekosea.

Kile µN ni kikomo, ndicho kiasi kikubwa kabisa ambacho uso unaweza kutoa kabla ya kipande kuteleza. Kipande kikiwa kimetulia, msuguano unatoa kinachohitajika tu, 9.8 N. Inua mteremko polepole, nao msuguano utaongezeka pamoja na mvuto wa kuteremka, hadi karibu nyuzi 35, ambapo tan ya pembe inafika 0.7. Hapo tu ndipo msuguano unakuwa sawa na µN, na ukizidisha kidogo kipande kinateleza. Kwa hiyo kabla hujaandika f = µN, soma swali tena. Je, limesema kipande kinakaribia kuteleza? Kama halijasema, usiandike. Narudia: usiandike.

Nilimwambia msomaji achukue rula na kuipanga mishale ncha kwa mkia, sentimita 1 kwa kila 2 N. Uzito sentimita 9.8 kushuka wima. Kutoka kwenye ncha yake, mjibizo sentimita 8.5, kisha msuguano sentimita 4.9 kuelekea juu ya mteremko. Ncha ya mwisho inapaswa kurudi palepale ulipoanzia, kwa kuwa kipande hakisogei popote.

Jana usiku akanitumia picha mbili. Kwenye ya kwanza alikuwa ametumia msuguano wake wa zamani wa 11.9 N, na pembetatu ilivuka mwanzo wake kwa sentimita 1 hivi. Kwenye ya pili pembetatu ilikuwa imefungika.