Pesa ya kodi inaishia kwenye tiketi: nimwambieje kaka?

*Shikamoo Shangazi. Naishi na mama na kaka yangu mkubwa. Kila mwezi nampa kaka mchango wangu wa kodi na chakula, yeye ndiye analipa. Juzi mwenye nyumba amekuja kudai miezi miwili. Nikifua suruali ya kaka nikakuta tiketi za bahati nasibu zimejaa mfukoni. Mama hajui lolote. Naogopa kumvunjia kaka heshima. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Tiketi peke yake si ushahidi, wala deni la kodi peke yake. Huenda kaka amepunguziwa mshahara, au kuna mgonjwa anamsaidia kimyakimya. Kwa hiyo tazama mwenendo kwanza. Je, pesa huisha siku chache tu baada ya mshahara, na hakuna kilichoingia nyumbani? Je, anakopa vijisenti kwa watu tofauti, kila mmoja akipewa sababu yake? Hali yake hubadilika kufuata siku za droo, mchangamfu mchana, usiku hataki kusemeshwa? Na sikiliza anavyosimulia: anayezama kwenye mchezo huu hutaja alichoshinda, hasara haitaji kamwe. Ukiona haya yakienda pamoja kwa mwezi mzima, shaka yako ina msingi.

Wengi hawaoni pesa inavyopotea kwa sababu tiketi moja ni bei ndogo. Tuseme bei yake ni sawa na mkate mmoja, naye ananunua tatu kwa siku. Kwa siku 30 ni mikate 90. Katikati ya mwezi akishinda kiasi cha mikate kumi, kwake hiyo ni faida, na kwa kawaida hurudi palepale dirishani kununua nyingine. Mwisho wa mwezi mikate 90 imetoka mfukoni, na ile kumi nayo haikufika mezani.

Usianze mazungumzo kwa kumpigia hesabu hiyo, wala kumweleza kwamba kuotea namba zote sita kati ya 49 ni nafasi moja katika 13,983,816. Inawezekana anajua. Mtu aliyekwisha kula kodi mara nyingi hachezi tena ili atajirike. Anacheza ili arudishe kodi kabla hamjagundua, na akikosa namba moja tu anahisi yuko karibu, ingawa droo inayofuata haijui chochote kuhusu iliyopita. Ndiyo maana ukimwaibisha unaweza kumsukuma akanunue nyingine.

Chagua siku ambayo si ya droo wala ya mshahara, muwe wawili tu. Mama asiwepo, na simu ya kaka usiipekue. Anza na ulichokiona kwa macho yako: “Kaka, mwenye nyumba amekuja kudai miezi miwili. Na nilipofua suruali yako nilikuta tiketi. Sikuja kukuhukumu, nina wasiwasi na wewe. Kuna nini?” Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakuwa kigumu, lakini usikijaze kwa lawama. Heshima yake inalindwa na faragha na sauti ya chini. Kunyamaza miezi mingine miwili hakumlindi.

Mara ya kwanza huenda akakana, au akataja kiasi kidogo kuliko ukweli. Usibishane. Mwambie, “Sawa kaka, ukitaka kuniambia zaidi nipo,” kisha rudi kwenye jambo lisilosubiri, yaani kodi. Hapa kuwa mpole lakini usilegee: mchango wako wa kodi mpelekee mwenye nyumba mwenyewe na uchukue risiti, na cha chakula nunua chakula chenyewe. Mwambie kaka kabla, asije akasikia kwa mtu. Deni la miezi miwili, ombeni kulilipa kwa awamu, kwa mfano nusu ya kodi juu ya kila kodi mpya, litaisha kwa miezi minne. Usimkopeshe taslimu hata akiahidi kulipa kesho, kwa maana pesa mkononi ndiyo inayomshinda.

Akikubali kwamba ana shida, muulize kama sehemu yake ya kodi inaweza kutoka siku ileile ya mshahara, kabla hajapita dirishani. Siku za mwanzo za kuacha anaweza kukosa usingizi na kuwa mkali. Akijaribu kuacha akashindwa, mwende pamoja kwa mshauri nasaha au kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu.

Jambo moja halingoji. Akisema amechoka kuishi, au kwamba mngekuwa na nafuu bila yeye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na hapo mama naye aambiwe.