Zipu "imekufa" au "inaachia"?

*Swali: Nilimpelekea fundi begi nikamwambia zipu imekufa. Akaing'oa yote akatia mpya, tena ya rangi nyingine. Baadaye mwenzangu akaniambia ile ya zamani ilikuwa inaachia tu, ingetosha kubadilisha kile kidude kinachopanda na kushuka. Kidude hicho kinaitwaje, na ningesemaje ili fundi anielewe? Halafu, kifungo na kishikizo ni kitu kimoja?*

Kidude hicho ni kichwa cha zipu. Ndivyo mafundi wanavyokiita, na ni jina zuri kwa sababu kina midomo: miwili mbele, ambamo meno huingia yakiwa yameachana, na mmoja nyuma, ambamo hutoka yakiwa yameshikana. Kile kipande unachokivuta kwa vidole ni kishikio, na kitambaa chembamba kilichobeba meno ni utepe. Ukiwa na maneno haya manne, yaani kichwa, kishikio, meno na utepe, unaweza kumweleza fundi karibu kila ugonjwa wa zipu.

Sasa kitenzi. "Imekufa" na "imeharibika" hayamwambii fundi chochote isipokuwa kwamba zipu haifanyi kazi, naye akisikia hivyo atachukua njia iliyo salama kwake, ambayo ni kung'oa na kutia nyingine. Simlaumu. Lakini Kiswahili kina kitenzi kwa kila hitilafu, na kila kitenzi kina dawa yake.

Kichwa kisipotembea, zipu imekwama. Mara nyingi imeuma uzi au kitambaa cha bitana. Huo uchomolewe polepole huku kichwa kikirudishwa nyuma, kisha meno yapakwe sabuni kavu au nta ya mshumaa. Ikiwa meno yanashikana vizuri lakini utepe umeachana na nguo, hapo zipu yenyewe ni nzima. Iliyoshindwa ni mishono, na kitenzi chake ni kushonoka, au kufumuka kama wengi wasemavyo. Mwambie fundi "zipu imeshonoka upande wa kushoto" na atajua anahitaji sindano na uzi tu. Jino moja au mawili yakitoka, zipu imeng'oka meno. Nguo yenyewe ikipasuka kando ya zipu, imechanika, na hiyo ni kazi ya kiraka, haihusiani na zipu.

Yako ilikuwa inaachia. Nakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndiyo hitilafu inayotokea sana na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Kichwa kinapanda bila shida, lakini nyuma yake meno yanabaki wazi, au yanashikana kisha yanafunguka ukilijaza begi. Watu huona meno wazi wakayalaumu meno. Mara nyingi kosa ni la kichwa. Kila unapofunga begi lililojaa kupita kiasi, kichwa hupanuka kidogo, na mwisho nafasi iliyo kati ya bamba lake la juu na la chini inakuwa kubwa mno kuweza kuyabana meno hadi yashikane.

Angalia pia wakati wa kitenzi. "Imeachia" inasema hali ya sasa: zipu iko wazi. Pengine imetokea mara moja tu kwa sababu begi lilivutwa vibaya, na ukirudisha kichwa mwanzo na kukipandisha upya, yamekwisha. "Inaachia" inasema tabia: ukiifunga leo itafunguka, na kesho vilevile. Fundi makini akisikia "inaachia" anashika kichwa kwanza, kabla ya kugusa mkasi. Huo "-na-" mmoja ungekuokolea zipu yako.

Kabla ya kwenda kwa fundi, ipime mwenyewe. Toa vitu vyote begini, rudisha kichwa mwanzo, kisha kipandishe polepole mara tatu ukitazama nyuma yake. Ikiwa meno yanaachana kila mara mahali palepale, kuna jino lililopinda au kung'oka hapo, na maneno yako yawe "inaachia hapa tu", huku ukiweka kidole. Yakiachana popote kichwa kinapopita, kichwa kimepanuka. Hapo useme "inaachia kote, nadhani kichwa kimepanuka."

Hivi karibuni nilitengeneza begi la mgongoni lenye ugonjwa huohuo, na meno yake yalikuwa ya nailoni, yale yanayofanana na uzi mnene uliozungushwa. Nilianza na koleo ndogo, ambayo wengi wanaiita plaizi. Nilikirudisha kichwa hadi mwanzo wa zipu, nikabana ubavu wa kulia wa sehemu ya nyuma, ule upande wenye mdomo mmoja, kisha ubavu wa kushoto, kila mara kidogo sana, na nikajaribu baada ya kila kubana. Ubanaji ni wa juu kwenda chini, ili mabamba mawili yasogeleane. Ukibana sana kichwa hakitembei tena, na vichwa vingi ni vya madini ya kumiminwa, havivumilii kupindwa, vinavunjika. Changu kilishika kwa siku chache, kisha zipu ikaanza kuachia tena. Hiyo ndiyo dalili kwamba kichwa kimelika kwa ndani, na kubana hakurudishi kilicholika.

Basi nikatafuta kichwa kipya, na hapa ndipo kulinganisha kunapohitaji macho. Nyuma ya kichwa cha zamani mara nyingi kuna namba: 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo inakadiria upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Changu kilikuwa na 5. Lakini namba peke yake haitoshi. Kichwa namba 5 cha zipu ya nailoni hakifai kwenye zipu namba 5 ya chuma, wala kwenye ile yenye meno ya plastiki yaliyo mojamoja, kwa sababu nafasi ya ndani imechongwa kufuata umbo la jino. Kwa hiyo usiseme tu "nataka kichwa namba 5". Sema "kichwa cha zipu ya nailoni, namba 5", na kama unaweza, nenda na kile cha zamani mkononi.

Kukitia kulikuwa hivi. Nilifumua kama sentimita 3 za mshono kwenye ncha moja ya zipu, nikachomoa kichwa cha zamani, kisha nikaingiza ncha mbili za meno kwenye midomo miwili ya kichwa kipya kwa pamoja, zikiwa sawa. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Upande mmoja ukitangulia hata kwa meno mawili, zipu itafunga lakini ikifika mwisho upande mmoja utabaki mrefu na begi litajikunja. Kitenzi chake ni kupishana: "meno yamepishana." Dawa yake ni kuchomoa kichwa na kuanza upya, hakuna njia ya mkato. Mwisho nilishona mishono sita au saba ya uzi imara juu ya meno ya ncha ile ili kichwa kisitoke, nikarudisha mshono wa begi.

Kuna wakati zipu nzima inapaswa kutoka kweli. Nailoni ikikatika katikati, au kwenye jaketi ncha ngumu ya chini inayochomekwa kwenye kibweta chake ikivunjika, kichwa kipya hakitasaidia. Hapo utahitaji kupima urefu, na urefu wa zipu hupimwa kwa meno, kutoka kizuizi cha chini hadi cha juu, si kwa utepe unaozidi pande zote mbili. Taja pia kama ni ya kuachana kabisa chini, kama ya jaketi, au ya kufungwa chini, kama ya suruali. Na rangi uitaje kabla fundi hajashika mkasi. Zipu nyeusi kwenye begi la kahawia inakubalika, nyekundu ni uamuzi wako.

Unapoagiza kazi yenyewe, tunza kauli ya kutendea. Nasikia watu wakisema "fundi, nitie zipu" au "nishone kifungo." Kwa sarufi, wewe ndiye unayetiwa na kushonwa. Fundi ataelewa, lakini sentensi sahihi ni "nitilie zipu", "nishonee kifungo", "nibadilishie kichwa". Kile kiambishi cha kutendea ndicho kinachobeba maana ya "kwa ajili yangu". Kwa hiyo siku ile ungemwambia: "Fundi, zipu ya begi hili inaachia kote. Usiing'oe, nibadilishie kichwa tu, na kikishindikana uniambie kwanza."

Kifungo na kishikizo: ndiyo, kwenye shati ni kitu kimoja, na kamusi zinayakubali yote mawili. Kifungo kimetokana na kufunga, kishikizo na kushikiza. Mimi naona kishikizo kina faida moja: hakichanganywi na kifungo cha gerezani, ingawa nguo ikiwa mkononi hakuna wa kuchanganyikiwa. Ukinunua kingine, taja upana wake, idadi ya matundu, 2 au 4, na kama ni kile kisicho na matundu mbele bali chenye kitanzi nyuma. Upana ndio wa kuangalia zaidi, maana kifungo kikubwa hakipiti tundu la zamani, na kidogo kinajifungua chenyewe. Kama hukipati kinachofanana, hamisha kifungo cha chini kabisa cha shati, kile kinachofichwa ndani ya suruali, ukipeleke mahali panapoonekana, na kigeni ukishone kule chini.

Hukuuliza habari ya mpira wa kiunoni, lakini nao unasumbuliwa na neno "umeharibika". Mpira, au lastiki, ukivutika usirudi umelegea, na unahitaji mwingine wa upana uleule. Upana ukizidi hautapita ndani ya upindo, ukipungua utajiviringisha humo. Lakini mpira ukiwa mzima na umejiviringisha tu, sema "umejipinda". Unanyooshwa kwa vidole, kisha unashikizwa kwa mshono mmoja wa wima kila ubavu, kupita upindo na mpira pamoja, wala huhitaji kununua kitu.