Mteja wa Ijumaa

"Nauza vitabu vya mtumba Posta, kuna dada anakuja kila Ijumaa, tunaongea riwaya tu halafu naishiwa maneno. Nifanyeje?"

Kaka usimtongoze hapo mezani, watu wanapita, na akikataa ataona aibu hata kuja kununua. Mi waifu nilimpata hivihivi. Nilikuwa namfichia riwaya anazopenda chini ya meza, akija namuuliza ile ya juzi iliishaje, basi anasimulia mpaka kahawa inapoa, miezi kama mitatu hivi. Nikashtuka siku alipokuja hanunui kitu, anauliza tu umekula? Hapo ndo nikamwambia Jumapili sifungui, twende Koko Bichi tukale mihogo. Wako akijibu "tutaona" mara mbili achana nayo, muuzie vitabu kama kawaida.