Kutoka habari ya Kiingereza hadi taarifa ya habari ya redio: sentensi fupi, majina yasomeke

"Wakuu, nimehamishiwa zamu ya asubuhi redioni, natafsiri taarifa ya habari kutoka Kiingereza. Msomaji analalamika sentensi zangu zinamkata pumzi na majina ya kigeni yanamkwaza hewani. Nyie mnafanyaje?"

Ndugu yangu, nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja, zaidi kwenye redio ndogo ya mkoani yenye taarifa ya dakika tano kila saa. Nitakueleza kwa habari moja niliyoihariri mwenyewe, ile ya bwawa la Kakhovka kule Ukraine, Juni 6 mwaka 2023. Yote unayouliza yalikuwemo.

Habari ilitujia asubuhi, aya yake ya kwanza ni sentensi moja. Kijana wa zamu aliitafsiri kwa uaminifu kabisa, akanipa hii:

"Bwawa la Kakhovka lililopo kwenye mto Dnipro katika eneo linalokaliwa na Urusi kusini mwa Ukraine, ambalo maji yake hutumika kupoza kinu cha nyuklia cha Zaporizhzhia, ambacho ndicho kikubwa zaidi barani Ulaya, limebomolewa usiku wa Jumanne na kusababisha mafuriko yaliyowalazimu maelfu ya watu kuyahama makazi yao huku Kyiv na Moscow zikitupiana lawama, maafisa walisema."

Ukiisoma kimya kimya inapita. Isome kwa sauti. Bwawa limetajwa mwanzo, na kitenzi kinachosema limefanya nini kinakuja baada ya "ambalo" na "ambacho". Mama anayesonga ugali redio ikiwa dirishani keshasahau tunazungumzia nini. Akikosa neno hawezi kurudi nyuma kama msomaji wa gazeti.

Mimi sikati sentensi ya Kiingereza vipande vipande. Ukifanya hivyo unapata vipande vifupi vya Kiingereza. Nasoma habari yote mara mbili, naigeuza karatasi, kisha namsimulia aliye karibu nami, hata kama ni mlinzi: kuna nini? Ninachoanza kusema mdomoni ndicho kinachokuwa sentensi ya kwanza. Siku ile nilisema, "Ukuta wa bwawa kubwa umebomoka huko Ukraine." Jina la Kakhovka halikunijia kwanza, na ndivyo ilivyo kwa msikilizaji pia. Hajawahi kulisikia, kwa hiyo kulitanguliza ni kumpa fumbo kabla ya habari.

Baada ya hapo kila "amba-" naipa sentensi yake. Nayo "maafisa walisema" ya mwishoni naipeleka mwanzo, maana Mswahili hutaja msemaji kwanza ndipo maneno yake: "Fulani anasema…" Ukimtaja mwishoni, msikilizaji anakuwa ameshayapokea madai kama ukweli wa redio yako. Tena ni maafisa wa upande gani? Miji mikuu nayo naiondoa. "Kyiv na Moscow zikitupiana lawama" ni lugha ya magazeti. Redioni nasema Ukraine na Urusi.

Tulichokisoma hewani kilikuwa hivi:

"Ukuta wa bwawa kubwa la maji umebomoka kusini mwa Ukraine, na maji yamefurika katika vijiji na miji iliyo chini yake. Maelfu ya watu wanahamishwa. Ukuta huo ulibomoka usiku wa kuamkia leo. Bwawa hilo linaitwa Kakhovka, na liko katika eneo linaloshikiliwa na majeshi ya Urusi. Ukraine inasema majeshi ya Urusi ndiyo yaliyoulipua ukuta huo. Urusi inakanusha, na inasema Ukraine ndiyo iliyoushambulia. Maji ya bwawa hilo hutumika pia kupoza kinu cha nyuklia cha Zaporizhia, ambacho ni kikubwa kuliko vyote barani Ulaya. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linasema kwa sasa kinu hicho hakiko katika hatari ya mara moja."

Utaona nimebakiza "ambacho" moja, na sentensi ya kwanza si fupi sana. Kijana wangu alipoelewa somo la sentensi fupi alipitiliza, akawa anaandika kama anayetuma simu ya maandishi ya zamani: maneno manne, nukta, maneno matano, nukta. Hiyo nayo inachosha sikio. Kipimo changu ni pumzi moja. Msomaji akifika kwenye nukta bila kuvuta hewa katikati, sentensi ni sawa. Idadi ya maneno inadanganya, maana "yaliyowalazimu" ni neno moja lakini lina silabi saba. Msomaji wetu huenda kama maneno 120 kwa dakika akisoma kwa utulivu, hivyo habari hii inamchukua chini ya dakika moja.

Mto Dnipro uko wapi? Nimeuacha. Ungeongeza jina la tatu gumu kwenye habari fupi, na msikilizaji wa kwetu hakuuhitaji ili aelewe. Habari ya dakika moja inabeba majina mawili mageni, na la tatu linayaangusha yote.

Kabla ya majina, tazama vitu viwili vidogo kwenye rasimu ya kijana. Aliandika "limebomolewa". Mimi niliandika "umebomoka". Asubuhi ile kila upande ulikuwa unamnyooshea mwenzake kidole, na Kiswahili hakikuachii njia ya katikati kama hujachagua kitenzi vizuri. "Umebomolewa" maana yake kuna aliyeubomoa, na redio imeshalisema hilo kwa kinywa chake. "Umebomoka" inaeleza hali ya ukuta bila kumgusa mtendaji, halafu kila upande unasema lake kwa jina lake. Ndivyo ilivyo pia kwa kupasuka na kupasuliwa, kuungua na kuchomwa, kuanguka na kuangushwa. Kiingereza kinaweza kuficha tofauti hiyo ndani ya neno moja, kwa hiyo mtafsiri lazima asome habari hadi mwisho ajue kilichothibitishwa ni kipi.

La pili ni "usiku wa Jumanne". Wasikilizaji wetu wa pwani huhesabu siku kuanzia jua linapozama, kwa hiyo kwao usiku wa Jumanne ni ule unaofuata mchana wa Jumatatu. Wa bara wengi wanauelewa kuwa ni Jumanne yenyewe baada ya magharibi. Andika "usiku wa kuamkia Jumanne" na ugomvi umekwisha.

Sasa majina. Usimwachie msomaji jina kama lilivyokuja kwenye skrini, wala usiandike matamshi pembeni kwa kalamu, kwa sababu macho yake hayaendi pembeni akiwa hewani. Mimi naliandika ndani ya sentensi yenyewe, kwa silabi, na silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa. Karatasi ya studio siku ile ilikuwa na "ka-KHOV-ka" na "za-po-RI-zhia".

Mkazo ndio unaotuangusha kuliko herufi. Sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunajua unavyobadili maana: barabara ya lami si sawa na kusema jambo limekwenda barabara. Kakhovka haina shida, mkazo wake unaangukia pale pale tulipozoea. Lakini mji wa Kherson, ulioko chini zaidi kwenye mto ule ule, mkazo wake uko mwisho, kher-SON. Msomaji wetu aliusoma KHER-son. Ajabu ni kwamba bibi yangu anayeutamka "Khersoni" anaukaribia zaidi, kwa sababu ile i aliyoongeza inausogeza mkazo hadi kwenye "so". Kwa Volodymyr Zelenskyy mambo yanageuka. Ukiandika vo-lo-DI-mir umepata. Ukiongeza i mwishoni, mkazo unahamia kwenye "mi" na jina linaharibika. Kwa hiyo kabla hujalimalizia jina kwa irabu, tazama mkazo unaruka kwenda wapi. Ze-LEN-ski halina tatizo.

Sauti ya zh hatuna. Namwambia msomaji aseme s kisha z, asikie koo linavyotetemeka kwenye z. Halafu aseme sh, na alitetemeshe koo vile vile. Anayeshindwa namruhusu aseme z tu, lakini aseme hivyo hivyo mwanzo hadi mwisho wa taarifa. Hatutafuti lafudhi ya Ukraine. Tunataka mwenye jina akilisikia ageuke, na msikilizaji ajue jina la saa moja na la saa nne ni lile lile.

Jihadhari zaidi na majina yanayofanana na ya kwetu, maana hayo hayakushtui. Rais Daniel Chapo wa Msumbiji ameandikwa kwa ch, na kila msomaji anaisoma kama ch ya chapati. Kireno huitamka sh. Andika SHA-po. Cibitoke ya Burundi huanza na c inayosomwa ch, kwa hiyo andika chi-bi-TO-ke. Na usiyatafute matamshi kwa watangazaji wa Kiingereza, kwani nao wanavuta kwao. Sikiliza mwenye jina akijitambulisha, au mwandishi wa nchi yake.

Kosa lililonifundisha kuandika silabi kwenye kila jina lilitokea Julai 2023, baada ya mapinduzi ya Niger. Nchi mbili zilikuwa kwenye habari moja, kwa sababu rais wa Nigeria, Bola Tinubu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi. Kwa Kiingereza majina ya raia wa nchi hizo mbili yanatofautiana kwa herufi moja tu. Niliandika "Niger" na "Nigeria" kwenye sentensi moja, msomaji akateleza, na tukatangaza kwamba jeshi limempindua rais wa Nigeria. Simu zililia kabla taarifa haijaisha, nyingi za watu wenye ndugu wanaofanya biashara Lagos. Kosa lilikuwa langu, si la msomaji.

Taarifa iliyofuata niliandika "nchi ya ni-ZHER, ambayo mji wake mkuu ni ni-a-ME", kisha nukta. Nigeria ikaja sentensi ya tatu, kama "nchi jirani ya Nigeria". Badala ya neno moja la uraia nikatumia "raia wa ni-ZHER". Tangu hapo majina mawili yanayofanana siyaweki ndani ya pumzi moja.

Mwisho, msomaji apate karatasi dakika kumi kabla ya saa, na umsikilize akiisoma kwa sauti kamili. Anapokwama, hata mara moja, usimwambie arudie. Chukua kalamu ubadilishe sentensi. Majina yakishasomeka yaandike kwenye daftari linalokaa studio, kwa alfabeti, na tarehe. La kwetu lilianza na kurasa mbili, sasa tuko daftari la tatu, na wa zamu ya usiku hulifungua kabla hajawasha kompyuta.