Malaria Iliyopungua Kwenye Rejista

Juni moja nilipongezwa kwenye kikao cha kijiji, wakati huo nikiwa mganga wa zahanati kando ya mto Malagarasi, wilayani Uvinza. Taarifa yangu ilionyesha malaria imepungua karibu nusu. Nilisimama nikawaambia ukweli: vipimo vya haraka vilituishia wiki ya pili ya mwezi. Watu waliendelea kuja na homa, tukawatibu kwa dalili, lakini mtu asiyepimwa haandikwi kwenye safu ya waliothibitishwa. Kilichopungua ni vipimo.

Mtendaji wa kijiji akaniuliza, "Sasa daktari, malaria yenyewe hapa kwetu ni kiasi gani?"

Vitabu vya afya ya jamii hujibu swali hilo kwa mfano wa mlima wa barafu baharini, ambao sehemu kubwa imezama. Mimi niliwatajia kiboko. Mvuvi huona masikio na pua, lakini kinachopindua mtumbwi ni mgongo ulio chini ya maji. Rejista ni masikio ya kiboko.

Chini yake kidogo kuna aliyeugua asifike zahanati. Huyu alinunua dawa mseto dukani bila kupima, au alilala siku tatu akapata nafuu. Angalau yeye anajua aliumwa. Chini zaidi yuko mwenye vimelea asiyeumwa kabisa. Mtu aliyeng'atwa na mbu wenye malaria tangu utotoni hujenga kinga ambayo haivifukuzi vimelea, bali huvizuia visizidi hadi kuleta homa. Analima, anavua dagaa, anacheka, na mbu akimng'ata anaweza kuondoka na mbegu ya kumwambukiza mtoto wa jirani. Wa chini kabisa ana vimelea vichache mno. Kipimo cha haraka huanza kukosea vikishuka chini ya takribani 100 hadi 200 kwa kila mikrolita ya damu, hivyo huyu huonekana tu kwa kipimo cha vinasaba, ambacho zahanati haina.

Dirisha la kuchungulia chini ya maji tunalo, ila wengi hulipita. Mjamzito akija kliniki kwa mara ya kwanza hupimwa malaria hata kama haumwi. Namkumbuka binti mmoja, mimba yake ya kwanza, ambaye mistari miwili ya kuonyesha malaria ilipotokea kwenye kipimo alinikatalia. "Daktari, mimi siumwi, jana nimetoka shamba." Nikamwonyesha viganja vyake vilivyopauka. Damu ilikuwa imepungua. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, mama akiwa hana homa, huku mtoto tumboni akikosa lishe na kuzaliwa na uzito mdogo. Nasema hivi kwa sababu neno "hana dalili" huwadanganya hata watumishi wenzangu wakadhani hana madhara.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano tu. Kijiji kina watu 4,000. Mwezi huu rejista ya wagonjwa wa nje ina malaria 45. Kliniki wamepimwa wajawazito 40 wa hudhurio la kwanza, wakakutwa nayo 8, yaani asilimia 20. Kama kijiji kizima kingekuwa hivyo, watu 800 wangekuwa wametembea na vimelea huku taarifa ikisema 45.

Usiikimbilie hiyo 800, lakini. Wajawazito si picha ya kila mtu: mwenye mimba ya kwanza huambukizwa kirahisi zaidi, na wanaume na watoto wa shule hawamo. Tena 45 ni waliougua ndani ya mwezi, ilhali asilimia 20 ni waliokuwa na vimelea siku ya kupimwa, vitu viwili tofauti. Na kipimo chetu hutafuta protini ya kimelea, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo muulize kila mama kama alitumia dawa ya malaria mwezi uliopita, uandike jibu lake pembeni. Ninachokiamini zaidi ni mwelekeo: asilimia ya kliniki ikibaki palepale miezi mitatu huku wagonjwa wa nje wakishuka, sidhani malaria imepungua. Nakwenda kwanza stoo kuhesabu vipimo, kisha nauliza kama barabara ilikatika kwa mvua, kisha nauliza duka la dawa limeuza mseto kiasi gani.

Wewe uliye kwenye kamati ya afya, ukisomewa "malaria 45", uliza waliopimwa ni wangapi. 45 kati ya 60 na 45 kati ya 300 ni habari mbili tofauti. Kisha omba usomewe na daftari la wajawazito, maana mara nyingi halifiki mezani.

Yule binti alimeza mseto wake siku tatu, akapewa na vidonge vya kuongeza damu. Alirudi akiwa na mumewe na mdogo wake, wote wazima, wakitaka kupimwa. Mdogo alikuwa na mistari miwili.